Kukausha nyanya kwa oveni wakati wa mvua Juba

Januari na Februari, Juba haihitaji oveni ya kukaushia chochote. Mchana joto hupanda hadi nyuzi 38, hewa ni kavu, na bamia iliyokatwa ikianikwa juu ya paa au kwenye mkeka hukauka kau, kisha ikatwangwa kuwa ule unga wa mchuzi unaoitwa waika kwa Kiarabu. Akina mama wa mji huu wanaijua kazi hiyo vizuri kuliko mwandishi yeyote.

Shida huanza mvua zinapoingia, kuanzia Aprili hivi hadi Oktoba. Nyanya ni tunda la maji: katika kila gramu 100, kama 94 ni maji. Ukizianika siku yenye mawingu, maji hayo hutoka polepole mno. Usiku unyevunyevu wa hewa unarudi kwenye vipande, na siku ya pili au ya tatu utaona vidoa vyeupe vya ukungu pembeni mwa mbegu. Ndiyo maana anayenunua nyanya nyingi Konyokonyo siku malori ya Nimule yameingia, na bei imeshuka, huishia kuzitupa nusu. Barabara ya Nimule hadi Juba ni kilomita 192 hivi, na nyanya iliyosafiri kutoka Uganda imejazana kwenye kreti haitakungoja wiki nzima.

Mimi hutumia oveni ya gesi ya kawaida, yenye majiko manne juu, na nitaeleza kwa kufuata mkupuo mmoja wa kilo 3.

Chagua nyanya ndefu zenye umbo la yai, zile za jamii ya Roma au Rio Grande. Zina nyama nyingi na maji machache kuliko zile kubwa za mviringo, na tofauti hiyo inaweza kukupunguzia saa 2 au 3 za gesi. Ziwe zimeiva na kuwa nyekundu kabisa, lakini bado ngumu mkononi. Iliyopasuka au kuanza kuoza upande mmoja itie kwenye mchuzi wa leo. Kukausha hakuponyi uozo.

Osha kwa maji safi ya kunywa, futa, kata kikonyo, kisha kata vipande vya mviringo vyenye unene wa milimita 6 hadi 8. Vyote vilingane. Hili nalisisitiza kwa sababu ndipo wengi wanapoharibu: kipande chembamba kitaungua wakati jirani yake mnene bado ni mbichi katikati, na ukivitia pamoja kwenye chupa, yule mbichi atawaharibu wote. Ukipenda kukata nyanya nusu kwa nusu, ujue umeongeza saa nyingi. Nusu nene huweza kupita saa 18. Nilipomaliza kukata na kuondoa vikonyo na sehemu mbovu, kilo 3 zilibaki kilo 2.5 za vipande. Andika uzito huo, utakufaa mwishoni.

Chovya vipande kwa dakika 5 katika maji yaliyochanganywa na juisi ya limau, nusu kwa nusu, halafu uvichuje. Limau huongeza ukali wa tunda na husaidia kuua vijidudu ambavyo joto dogo la kukaushia haliviui.

Vipange juu ya wavu, visigusane, hewa ipite juu na chini. Wavu wa oveni wenyewe una nafasi pana, kwa hiyo tandika juu yake karatasi ya kuokea yenye matundu, au wavu mwembamba wa chuma kisichoshika kutu. Usitumie waya wa madirisha unaouzwa kwenye maduka ya vifaa vya ujenzi. Umepakwa zinki, na asidi ya nyanya huiyeyusha zinki hiyo ikaingia kwenye chakula.

Sasa oveni. Joto linalotakiwa ni nyuzi 60 hadi 65. Oveni nyingi za gesi zinazouzwa hapa zina alama ya chini kabisa iliyo juu zaidi ya hapo, na huwezi kuiamini namba ya kwenye kitasa. Nunua kipimajoto kidogo cha oveni cha kuning'iniza, kiweke katikati ya wavu, washa moto mdogo kabisa, kisha egesha mlango ukiuachia uwazi wa kama sentimita 10. Mimi hubana mpini wa mwiko wa mbao juu ya mlango ili usijifunge. Subiri dakika 20 ndipo usome. Usipime mlango ukiwa umefungwa, maana utakuwa unapima oveni nyingine.

Uwazi huo wa mlango una kazi mbili. Unashusha joto, na muhimu zaidi unatoa mvuke nje. Mlango ukifungwa, maji yanayotoka kwenye nyanya hubaki ndani, na unachopata ni nyanya zilizopikwa kwa mvuke, laini na zenye rangi ya udongo. Yangu ilisoma nyuzi 80 na mlango wazi sentimita 5. Nilipoufungua hadi 12 ikashuka hadi 65 na kutulia. Kama yako haishuki chini ya 75 hata ukipanua mlango, zima moto, acha robo saa, washa tena, na uendelee hivyo. Ni kazi ya kuchosha, lakini joto kali lina hasara unayopaswa kuielewa: uso wa kipande hukauka haraka na kuwa gamba gumu, na maji ya ndani hukosa pa kutokea. Kwa nje utaona kimekauka, nawe utakishangilia. Wiki mbili baadaye chupa imejaa ukungu.

Kuhusu gesi, naomba nisikilizwe. Moto mdogo sana huweza kuzimwa na upepo, na majiko mengi ya bei nafuu hayana kifaa cha kukata gesi moto ukizimika. Kwa hiyo fungua madirisha ya jikoni, usielekeze feni ndani ya oveni ya gesi, angalia moto mara kwa mara, na usiache oveni inawaka ukalala au ukaenda sokoni. Watoto wadogo wasikaribie mlango ule ulio wazi. Kwa oveni ya umeme, feni ndogo ikipuliza pembeni mwa mlango huharakisha kazi sana, ila kama umeme wako ni wa jenereta, mafuta ya saa 10 yatazidi bei ya nyanya zenyewe. Hapo ni bora kukausha nusu kwa jua la asubuhi na kumalizia kwenye oveni.

Niliwasha saa 1 asubuhi. Saa 3 vipande vilikuwa vimetoa maji juu na jikoni kulinukia mchuzi. Saa 5 nikavigeuza, nikabadilisha nyavu, ya juu ikaenda chini, kwa sababu oveni ina pembe yenye joto zaidi na pembe baridi. Saa 7 mchana vilikuwa vimesinyaa na kupungua karibu nusu ya upana. Kuanzia saa 9 alasiri nilianza kutoa kimojakimoja vilivyotangulia, na vya mwisho vilitoka saa 11 jioni. Jumla saa 10. Tarajia saa 8 hadi 12. Siku ya mvua kubwa itakuwa karibu na 12.

Usijaribu ukavu wa kipande cha moto. Kikiwa cha moto huwa laini hata kama kimekauka, nawe utaendelea kukichoma bure. Toa vinne kutoka sehemu tofauti za wavu, viache vipoe dakika 10. Kikunje: kiwe kama ngozi ya kiatu, kisijinate chenyewe kwa chenyewe. Kipasue katikati, hasa pale mbegu zilipo, na ukibonyeze kwa kucha. Kusionekane tone wala kung'aa kwa unyevu. Kama unataka unga, endelea hadi kivunjike kwa sauti. Na kama una mizani, itumie: kilo 1 ya vipande vibichi inapaswa kubaki gramu 60 hadi 70. Vile vyangu vya kilo 2.5 vilitoka gramu 165. Vingetoka 250, ningevirudisha bila kuviuliza swali.

Vikipoa kabisa, vitie kwenye chupa ya kioo kavu jioni ileile. Usiviache wazi mpaka asubuhi, maana hewa ya Juba wakati wa mvua itavirudishia unyevu uliolipia gesi kuutoa. Jaza theluthi mbili tu, funga, na kwa siku 7 hadi 10 itikise chupa kila siku. Unyevu uliosalia katika vipande vinene utagawanyika kwa vingine. Ukiona umande ndani ya kioo, rudisha vyote kwenye oveni saa 1 au 2. Ukiona ukungu hata kwenye kipande kimoja, tupa chupa nzima. Kukiondoa hicho kimoja hakutoshi.

Baada ya hapo weka chupa mahali penye giza na baridi kadiri nyumba yako inavyoruhusu, ukiandika tarehe. Chakula kilichokaushwa hukaa karibu nusu ya muda katika nyuzi 27 kikilinganishwa na nyuzi 16, na jikoni za hapa hupita 27 kwa urahisi. Mimi huvimaliza ndani ya miezi 4. Usivitie kwenye mafuta na kitunguu saumu ukaviacha kabatini kama vile vya picha za magazeti: ndani ya mafuta hakuna hewa, na bakteria wa sumu ya botulini hupenda mahali pa namna hiyo. Vilivyo kwenye mafuta vikae kwenye friji inayofanya kazi wakati wote, na viliwe ndani ya siku chache. Umeme ukikatika nyumbani kwako kila mara, viache vikavu.

Maembe ya Aprili na Mei hufuata njia hiyohiyo, kwa joto lilelile na mlango uleule, ila kipimo cha mwisho ni tofauti. Embe lina sukari, nalo likikauka vizuri hubaki laini na la kutafunika. Kunja kipande kilichopoa: kikijinata bado, kikiachana bila kuacha utomvu kidoleni kimeiva. Ukingoja livunjike kama nyanya, utakuwa umelichoma.

Kwa kupika, loweka nyanya kavu kwenye maji ya moto nusu saa, na maji hayo uyatie sufuriani pia. Kiganja kimoja, kama gramu 20, kinatosha mahali pa gramu 300 za nyanya mbichi.