Mafunzo Niliyopata kwa Kubadilisha Serini Moja

Beta-laktamasi ya TEM-1 ni kimeng'enya kinachowapa bakteria kinga dhidi ya ampisilini. Hukata pete ya dawa kabla dawa haijaufikia ukuta wa seli. Kazi hiyo inasemekana kuanzia kwenye serini moja, ile ya nafasi ya 70, ambayo hujishikiza kwenye pete na kuifungua. Nilitaka kulithibitisha hilo kwa mikono yangu: niiondoe serini hiyo, niweke alanini, nione kinachobaki. Haya ndiyo niliyojifunza.

1. Hakikisha unayoiita 70 ndiyo 70

Nambari ya 70 inatokana na mpangilio wa Ambler, uliowekwa ili beta-laktamasi za jamii moja zilinganishwe. Ukihesabu kuanzia metionini ya kwanza ya jeni, serini hiyo hiyo ni ya 68. Anayehesabu kodoni hadi 70 bila kujua hilo atajikuta amebadilisha fenilalanini, wala praima zake hazitampa onyo lolote. Tangu hapo sitafuti kwa nambari, natafuta kwa majirani. Kwenye protini natafuta metionini, metionini, serini, treonini, fenilalanini, lisini. Kwenye DNA natafuta `ATG ATG AGC ACT TTT AAA`. Nikiuona mfuatano huo, nina uhakika nimefika.

2. Chagua plasmidi na seli kwa kuangalia mutanti atakavyoishi

Plasmidi nyingi za maabara huchaguliwa kwa ampisilini. Hapa njia hiyo haifai, kwa sababu badiliko likifanikiwa, seli iliyolibeba itakufa kwenye sahani. pBR322 inatatua tatizo hilo: ina besi 4361, na pamoja na jeni ya TEM-1 ina jeni ya kinga dhidi ya tetrasaiklini. Mutanti anachaguliwa kwa tetrasaiklini, kisha anapimwa kwa ampisilini. Mwaka 1982 kundi la John Richards huko California lilitumia plasmidi hiyo hiyo kugeuza mpangilio wa serini 70 na treonini 71, na bakteria wakapoteza kinga.

Seli nazo zina masharti yake. XL1-Blue, zinazotumika sana kwa kazi hii, tayari zina kinga dhidi ya tetrasaiklini, kwa hiyo zote zitaota, ziwe na plasmidi au zisiwe nayo. Nilitumia DH5α.

3. Praima nzuri hubeba badiliko pamoja na alama ya kulitambulia

Kodoni ya serini hapa ni AGC. Alanini ina kodoni nne: GCT, GCC, GCA na GCG. Nilichagua GCC kwa sababu ikikaa kati ya ATG na ACT huzaa TGGCCA, mahali panapokatwa na kimeng'enya MscI. Jeni ya asili haina mahali hapo.

```
5'-GAACGTTTTCCAATGATGGCCACTTTTAAAGTTCTGCTATGTGG-3'
5'-CCACATAGCAGAACTTTAAAAGTGGCCATCATTGGAAAACGTTC-3'
```

Praima ya pili ni kijalizo cha ya kwanza. Kila moja ina besi 44. Badiliko lina besi 18 upande mmoja na 23 upande wa pili, nayo G na C ni asilimia 41. Kanuni inayotumika kwa praima za namna hii ni:

```
Tm = 81.5 + 0.41(%GC) - 675/N - %mismatch
```

N ni urefu wa praima, na besi mbili zisizolingana kati ya 44 ni asilimia 4.5. Jibu ni kama nyuzi 78.5, juu kidogo ya 78 inayotakiwa. Nilipojaribu kwanza kwenye karatasi praima ya besi 33 yenye badiliko lile lile, ilinipa kama nyuzi 71. Eneo hili limejaa A na T, kwa hiyo urefu ndio unaoshikilia.

4. Kiolezo cha zamani lazima kife

Baada ya mizunguko 16 ya PCR, mrija una plasmidi mpya pamoja na ile ya asili uliyoanzia. DpnI hukata GATC zenye methili tu. Plasmidi iliyokuzwa ndani ya DH5α ina methili hizo, na iliyotengenezwa mrijani haina. Saa moja kwenye nyuzi 37 kwa kawaida inatosha.

Ili kujua kama DpnI imefanya kazi, niliandaa mrija wa pili wenye kila kitu isipokuwa polimerasi, nikautia DpnI na kuuingiza kwenye seli vilevile. Koloni zinazoota kutoka mrija huo ni plasmidi ya asili iliyoponyoka. Zikikaribia idadi ya zile za mrija wenye polimerasi, hakuna haja ya kuendelea.

5. Kutoota kwenye ampisilini hakutoshi

Niligusa kila koloni kwa kijiti, nikakigusisha kwenye sahani ya tetrasaiklini kisha kwenye ya ampisilini. Zilizoota kwenye ya kwanza na kukosekana kwenye ya pili ndizo nilizozifuatilia. Lakini jeni inaweza kufa kwa njia nyingi. Praima zikijirudia mara mbili pale zilipoungana, au besi moja ikidondoka kwenye praima wakati wa kutengenezwa, usomaji wa kodoni huharibika na sahani huonyesha picha ile ile.

Kwa hiyo nilikuza jeni nzima, besi 861, kwa PCR, nikaikata kwa MscI. Kwenye jeli, ya asili ilibaki mstari mmoja. Mutanti alitoa miwili, wa besi kama 660 na mwingine kama 200.

6. Soma vilele, usisome herufi tu

MscI inathibitisha besi sita. Zilizobaki husomwa kwa mbinu ya Sanger, kutoka pande zote mbili, kwa sababu besi za mwanzo wa kila usomaji hazieleweki na za mwishoni hufifia. Kwa praima ya kinyume, GCC inaonekana kama GGC, na serini ya asili inaonekana kama GCT.

Kisha nafungua grafu yenyewe. Koloni moja ilikuwa na vilele viwili vilivyopandana kwenye besi mbili za badiliko, na vilele safi kwingine kote. Maana yake seli zilibeba plasmidi za aina mbili, ya asili na mutanti, ilhali programu iliandika herufi ya kilele kirefu bila kusita. Plasmidi za koloni kama hiyo huingizwa upya kwenye seli ili aina hizo zitengane.

7. Mfuatano ukiwa sahihi, bado protini

Alanini ilichaguliwa kwa kuwa ni serini iliyopungukiwa oksijeni yake, hivyo haitarajiwi kuvuruga mkunjo. Hata hivyo, kutarajia si kuona. Nilitoa protini za nafasi iliyo kati ya tando mbili za seli, nikazipitisha kwenye jeli: mstari wa kilodaltoni kama 29 ulikuwepo kwa asili na kwa mutanti. Kisha nikairudisha GCC kuwa AGC kwa praima nyingine, na kinga dhidi ya ampisilini ikarudi.

Kwa ushahidi huo naweza kuandika kwamba bila serini 70, TEM-1 hutengenezwa lakini haiikingi seli dhidi ya ampisilini. Kwamba serini hiyo hujishikiza kwenye pete ya dawa, jaribio hili halionyeshi. Hilo linahitaji kuipima protini yenyewe ikiwa imeungana na dawa.