Kukokotoa pH ya bafa kutoka swali lililopigwa picha

Bafa ni myeyusho wenye asidi dhaifu pamoja na chumvi ya asidi hiyohiyo, na sifa yake ni kwamba pH yake hubadilika kidogo tu inapoongezewa asidi au besi kiasi. Katika shule za Lemera na Uvira, ambako kemia hufundishwa kwa Kifaransa, swali la bafa mara nyingi humfikia anayeombwa msaada likiwa picha ya ubao au ya ukurasa wa daftari, iliyotumwa kwa simu, na hapo ndipo makosa mengi huanzia, kabla hata kanuni yoyote haijaandikwa.

Desimali katika mazoezi hayo huandikwa kwa koma, nayo koma ya chaki hupotea kwa urahisi kwenye picha, hivyo kwamba 0,15 huonekana kama 015. Kipeo nacho huteremka: 10⁻⁵ husomeka kama 10-5, na pengine 5 hufanana na 3. Msomaji makini hutafuta ushahidi nje ya maandishi yenyewe. Asidi asetiki, ambayo ndiyo asidi ya siki, ina Ka ya 1,8 × 10⁻⁵, Ka ikiwa kipimo cha kiasi ambacho asidi hujitenga na kuwa ioni majini. Kwa hiyo picha inayoonyesha 10⁻³ kwa asidi hiyo haifai kuaminiwa, na ni afadhali kuomba ipigwe upya kwa karibu kuliko kubahatisha.

Ichukuliwe kwamba picha imesomeka hivi: mililita 50 za asidi asetiki yenye ukolezi wa 0,20 mol/L zimechanganywa na mililita 30 za asetati ya sodiamu yenye ukolezi wa 0,50 mol/L, na pH inatakiwa. Kanuni inayotumika ilitokana na kazi ya Lawrence Henderson, kisha Karl Hasselbalch akaipa umbo la logarithmu:

```
pH = pKa + log([chumvi] / [asidi])
```

Hapa pKa ni logarithmu ya Ka iliyogeuzwa alama, yaani 4,74 kwa asidi asetiki. Ukolezi uliotajwa ni wa kila chupa kabla ya kuchanganya, na neno hilo moja, kabla, ndilo linaloamua jibu. Asidi ina milimole 50 × 0,20 = 10, na chumvi ina milimole 30 × 0,50 = 15. Kwa kuwa vyote viwili sasa vimo katika mililita 80 zilezile, ujazo hujifuta katika mgawanyo, na uwiano ni 15/10, yaani 1,5. Logarithmu ya 1,5 ni 0,18, hivyo pH ni 4,92.

Anayegawanya ukolezi wa chupa moja kwa moja hupata 0,50/0,20 = 2,5, na pH ya 5,14. Aliyepata uwiano sahihi lakini akabonyeza kitufe cha ln badala ya log hupata 5,15. Makosa haya mawili hayana uhusiano wowote, lakini majibu yake yanakaribiana kiasi kwamba wanafunzi wawili wanaweza kulinganisha madaftari, wakaridhika, na wote wakawa wamekosea. Ndiyo maana kulinganisha jibu la mwisho bila kulinganisha hatua ni ukaguzi hafifu. Aliyegeuza uwiano, akaweka asidi juu, hupata 4,56, na huyu hugundulika upesi zaidi, kwa sababu chumvi ikizidi asidi, pH haina budi kuwa juu ya pKa.

Kanuni hii ina mipaka yake, kwani hudhani kwamba kiasi cha asidi na cha chumvi kilichowekwa hubaki karibu vilevile baada ya myeyusho kutulia. Dhana hiyo hufaa pale uwiano unapokuwa kati ya 0,1 na 10, na ukolezi wa kila kimoja unapozidi Ka kwa mbali. Maji ya juu ya Ziwa Tanganyika, yenye pH ya karibu 9, yanaonyesha hali iliyo nje kidogo ya mpaka huo. Ioni ya bikaboneti ikichukuliwa kuwa asidi na ya kaboneti kuwa chumvi yake, pKa ni takriban 10,3, na tofauti ya 1,3 ina maana kwamba kwa kila kaboneti moja kuna bikaboneti kama ishirini. Kanuni bado hutaja uwiano huo sawasawa, lakini mwanafunzi wa Uvira akiulizwa pH ya maji ya ziwa iwapo asidi itaongezwa, atalazimika kuhesabu pia kaboni dioksidi inayoyeyuka majini na inayotorokea hewani, jambo ambalo swali la chupa mbili huliacha nje kimakusudi.