Fowadi au opsheni: jinsi ninavyoiwekea bei ya dola kikomo

Ninauza taa za sola, betri na paneli kwa wavuvi wa dagaa hapa Kalemela, wilayani Busega, na kwenye mialo ya jirani. Mzigo unatoka China na kiwanda kinalipwa kwa dola. Wavuvi wananilipa kwa shilingi, na wengi humalizia deni baada ya giza moja au mawili ya uvuvi. Kati ya siku ninayoagiza na siku ninayolipa salio la kiwanda hupita kama miezi mitatu, na katika muda huo bei ya dola inaweza kumeza faida ya kontena zima.

Kuna njia mbili za benki za kujikinga ambazo nimezitumia: mkataba wa fowadi na opsheni ya kununua dola. Nitaeleza ninavyozilinganisha na wakati gani ninachagua ipi.

Hatari ina pande mbili

Kwa miaka kadhaa dola ilikaa karibu na shilingi 2,300, na wachache kati yetu tuliwaza kuhusu kinga. Mwaka 2023 mambo yalibadilika. Dola ziliadimika, na mwisho wa mwaka huo bei ilikuwa karibu 2,500. Kufikia Oktoba 2024 ilikuwa imepanda hadi karibu 2,700. Kisha shilingi ikapata nguvu kwa kasi, na mwisho wa Desemba 2024 dola moja ilikuwa karibu 2,400. Mei 2025 bei ilikuwa imerudi karibu na 2,700.

Mwendo huu una misimu ndani yake. Nusu ya pili ya mwaka huleta dola za mazao kama korosho, tumbaku na pamba, pamoja na za watalii, na shilingi hupumua. Miezi ya mwanzo wa mwaka dola hupungua. Lakini msimu hauahidi tarehe wala kiasi, kwa hiyo siutegemei peke yake.

Kupanda kwa dola kunaumiza kila mwagizaji. Kushuka kwake kunamuumiza yule aliyekwisha kujifunga kwa bei ya juu, kwa sababu mshindani wake wa Mwanza atanunua dola kwa bei ya chini na kushusha bei ya taa. Mvuvi hataki kujua mimi nilinunua dola kwa bei gani. Tena siwezi kuwauzia wavuvi kwa dola ili nijikwamue: tangu Machi 2025 kanuni zinakataza kutangaza bei na kulipana kwa fedha za kigeni hapa nchini.

Mikataba miwili ilivyo

Fowadi ni ahadi ya pande mbili. Mimi na benki tunakubaliana leo kwamba tarehe fulani nitanunua kiasi fulani cha dola kwa bei fulani. Tarehe ikifika, lazima ninunue na benki lazima iuze, soko liwe limekwenda kokote. Bei ya fowadi kwa kawaida iko juu kidogo ya bei ya leo. Hiyo si benki kubashiri kwamba dola itapanda. Inatokana na riba: shilingi hulipa riba kubwa kuliko dola, na tofauti hiyo huingizwa kwenye bei, pamoja na faida ya benki.

Opsheni ya kununua ni haki bila wajibu. Ninalipa ada leo, isiyorudishwa, na ninapata haki ya kununua dola kwa bei tuliyokubaliana siku ya mwisho ya mkataba. Dola ikiwa ghali kuliko bei hiyo, ninaitumia haki yangu. Ikiwa rahisi, ninaiacha opsheni ife na kununua dola kwa bei ya soko.

Oda ya Oktoba 2024

Nitatumia oda yangu ya Oktoba 2024, kwa namba nilizozikata ili ziwe rahisi kufuata. Nilikuwa nimelipa malipo ya awali, na salio lilikuwa dola 40,000, la kulipwa baada ya miezi mitatu kiwanda kitakapotuma nakala ya hati ya shehena. Dola siku hiyo ilikuwa 2,720. Benki ilinipa bei mbili:

- Fowadi ya miezi mitatu: shilingi 2,745 kwa dola.
- Opsheni ya miezi mitatu, bei ya mkataba 2,745: ada ya shilingi 55 kwa dola, yaani shilingi 2,200,000 kwa dola 40,000.

Kwa fowadi, gharama ni shilingi 109,800,000, haipandi wala haishuki. Kwa opsheni, gharama ya juu kabisa ni 2,745 kujumlisha 55, yaani 2,800 kwa dola, au shilingi 112,000,000. Hicho ndicho kikomo changu. Chini ya hapo hakuna sakafu: bei ya soko ikishuka, nami nashuka nayo, nikiwa nimebeba zile 55.

Ukitoa ada kwenye bei ya mkataba, 2,745 kutoa 55, unapata 2,690. Dola ikiishia chini ya hapo, opsheni inaishinda fowadi. Ukijumlisha ada, unapata 2,800. Dola ikiishia juu ya hapo, opsheni inamshinda mtu ambaye hakujikinga kabisa. Katikati, kati ya 2,690 na 2,800, opsheni ndiyo ghali kuliko njia zote tatu. Hii ndiyo hesabu ninayoifanya kwanza, kwa sababu inaonyesha kwamba opsheni inafaa pale soko linapoweza kuruka mbali, upande wowote. Soko likitulia, ada imekwenda bure.

Soko halikutulia. Nilichukua opsheni, na muda ulipoisha dola ilikuwa karibu 2,400. Nikaiacha opsheni ife, nikanunua sokoni. Pamoja na ada, kila dola ilinigharimu 2,455, jumla shilingi 98,200,000. Fowadi ingenigharimu milioni 11.6 zaidi. Asiyejikinga alilipa milioni 96 tu, lakini yeye alikuwa uchi kwa miezi mitatu.

Geuza upepo uone upande wa pili. Dola ingefika 2,900, fowadi ingebaki 2,745 na opsheni ingenipa 2,800. Kila dola inapoishia juu ya 2,745, fowadi ni nafuu kwa shilingi 55 zile zile. Aliyeagiza mzigo mwanzoni mwa 2023 alikuwa kwenye hali ya namna hiyo: bei ilipanda polepole mwaka mzima, na fowadi ingemtosha.

Mzigo ukikwama

Tofauti kubwa zaidi inajitokeza pale oda inapoharibika. Kiwanda kinaweza kuchelewa, au sampuli ikakataliwa, au wavuvi wakasusia aina fulani ya betri. Mwenye fowadi bado anadaiwa kununua dola 40,000. Kama hazihitaji, benki itafunga mkataba kwa kumuuzia kwa 2,745 na kuzinunua tena kwa bei ya soko. Soko likiwa 2,400 na benki ikinunua kwa 2,390, hasara ni shilingi 355 kwa dola, yaani milioni 14.2 kwa mzigo ambao haukufika. Mwenye opsheni amepoteza ada ya milioni 2.2 na mambo yameisha.

Fowadi pia hufunga fedha. Haina ada, lakini benki hutaka dhamana au nafasi kwenye mkopo uliokwisha idhinishwa. Mimi niliombwa asilimia 10 ya thamani, kama milioni 11 zilizolala miezi mitatu, na shilingi ikipata nguvu benki inaweza kudai niongeze. Kwa opsheni, ukishalipa ada hudaiwi kitu kingine.

Ninavyoiomba benki

Opsheni si bidhaa utakayoikuta imebandikwa ukutani kwenye tawi. Meneja wa tawi hupiga simu kwa idara ya hazina ya benki Dar es Salaam, na wao ndio wanaotoa bei. Benki nyingine hazitaki kiasi kidogo. Mimi niliunganisha malipo yangu ya kontena zima kwenye mkataba mmoja badala ya kuyakata vipande. Ninakwenda na ankara ya awali ya kiwanda na mkataba wa oda, maana benki inataka kuona malipo halisi nyuma ya dola.

Ninaomba bei za fowadi na opsheni siku hiyo hiyo, saa hiyo hiyo, kwa kiasi na tarehe zile zile. Ada naomba itajwe kwa shilingi kwa kila dola, maana asilimia huficha mambo. Kisha nauliza maswali matatu.

La kwanza: siku ya mwisho nikitumia haki yangu, nitapewa dola zenyewe au tofauti ya bei kwa shilingi? Wakati wa uhaba wa 2023 na 2024 bei ya dola ilikuwepo kwenye ubao, lakini dola zenyewe hazikuwepo. Ukilipwa tofauti kwa shilingi bado utazisaka dola mtaani, na kiwanda hakitaachia hati ya shehena kwa shilingi. Mkataba useme dola zitakabidhiwa.

La pili: haki inatumika siku ya mwisho tu au wakati wowote kabla yake? Mara nyingi ni siku ya mwisho tu, na kuna saa maalumu ya kutoa taarifa. Ukipitisha saa hiyo, opsheni inaweza kufa hata kama ina thamani. Kwa hiyo ninachagua siku ya mwisho kwa kufuata tarehe ya nyuma kabisa ambayo kiwanda kinaweza kudai salio.

La tatu: nikipandisha bei ya mkataba, ada inashuka kiasi gani? Kwa oda ile, bei ya mkataba ya 2,850 ingekuwa na ada ya shilingi 25, na kikomo changu kingekuwa 2,875. Hapo ninabeba mwenyewe mwanzo wa hasara na benki inabeba janga.

Ukiambiwa kuna opsheni isiyo na ada, uliza umeuza nini. Kwa kawaida umempa mwenzako haki ya kukulazimisha ununue dola kwa bei fulani ya chini. Soko likishuka chini ya hapo, umefungwa kama mwenye fowadi. Desemba 2024 ingekuonyesha.

Ninavyogawa

Siku hizi sichagui mkataba mmoja kwa mzigo wote. Taa ambazo wenye mitumbwi wamekwisha kuziagiza kwa bei tuliyoandikiana na kutanguliza fedha, dola zake nazifunga kwa fowadi. Bei ya kuuzia imekwisha kupangwa, hivyo bei ya kununulia nayo inapaswa kusimama, na hakuna sababu ya kulipa ada. Taa za kuweka dukani, ambazo bei yake itaamuliwa na mshindani siku kontena lake likifika, nazikinga kwa opsheni. Ada yake naiingiza kwenye gharama ya kila taa tangu siku ya kuagiza, sawa na nauli ya lori kutoka bandarini. Taa isipoweza kuibeba ada hiyo na bado ikaacha faida dola ikiwa kwenye kikomo, siiagizi.