Dondoo muhimu: Kichwa cha video ya mahubiri

Kichwa kizuri hutaja swali ambalo video yenyewe inalijibu.

1. Andika kichwa baada ya kutazama video nzima, kwani kinachoandikwa mapema mara nyingi huahidi kisichomo.

2. Tanguliza somo. YouTube hupokea herufi 100 pamoja na nafasi, lakini simu hukata mwisho. Jina la kanisa na tarehe vikae nyuma.

3. Ondoa ahadi ambayo mhubiri hana uwezo wa kuitimiza. Kichwa "TAZAMA HADI MWISHO UPOKEE MUUJIZA WAKO LEO!!!" hakitaji hata somo. Kwa mahubiri ya Luka 18:1–8, andika "Kwa nini mjane hakukata tamaa mbele ya hakimu dhalimu?" Swali linavuta, na jibu limo.

4. Usitishie kwamba asiyebofya atakosa baraka. Anayeumia zaidi ni mgonjwa na mwenye madeni.

5. Ushuhuda ubaki wa aliyeutoa: "Asimulia alivyopona", si "Utapona".

6. Wengi wakiondoka ndani ya sekunde 30 za mwanzo, linganisha kichwa na utangulizi. Kichwa hurekebishwa bila kupakia video upya.