Ngozi ya msafiri aliyefunga

SWALI: Daktari, naishi Mazwi, Sumbawanga mjini. Kila Ramadhani uso wangu hupauka na midomo hupasuka. Mfungo ujao nakwenda umra: basi hadi Mbeya, ndege ya Songwe hadi Dar, kisha Jeddah. Mwenzangu kanishauri ninywe lita tatu za maji wakati wa daku na nipake glisirini. Itatosha?

JIBU: Dada, lita tatu kwa mkupuo zitakupeleka chooni tu. Kunywa kidogo kidogo tangu futari hadi daku, kwa faida ya figo na kichwa, lakini usitarajie uso kung'aa kwa hayo. Sehemu inayopauka ni tabaka la juu kabisa la ngozi, seli zilizokwisha kufa, na damu haifiki pale. Unyevu wake hutegemea zaidi mafuta ya asili yaliyo kati ya seli hizo, na hewa inayoizunguka ngozi.

Wenyeji wa Ufipa wanaweza kulipima hilo kwa kumbukumbu. Mwaka 2015 mfungo ulianza Juni, upepo mkavu wa kipupwe ukivuma. Mchana wa Juni kwetu ni mfupi kuliko wa Februari, kwa hiyo saa za kufunga zilikuwa pungufu kidogo, lakini kipupwe ndicho msimu wa midomo kupasuka na miguu kufanya magaga. Mfungo wa 2027 unatarajiwa kuanza Februari, mvua zikinyesha. Ukipauka hata msimu huo, mimi nitashuku beseni lako la maji ya moto. Sumbawanga iko kama mita 1,800 juu ya usawa wa bahari, asubuhi kuna baridi, na watu huoga maji yanayotoa mvuke. Maji hayo pamoja na sabuni ya mche huondoa yale mafuta ya asili. Ongeza kutawadha mara tano na uso kuachwa ukauke wenyewe kwa upepo, utaona hasara inatoka wapi.

Basi oga maji ya vuguvugu. Usoni tumia sabuni laini jioni tu, asubuhi maji yanatosha. Jifute kwa kugusagusa, na ngozi ikiwa bado na unyevunyevu paka matone manne au matano ya mafuta ya alizeti yaliyosafishwa, alizeti hii hii inayolimwa Rukwa. Najua mahujaji wengi hupenda zeituni. Hata hivyo, utafiti wa Uingereza uliochapishwa 2013 ulionyesha kwamba zeituni ikipakwa kila siku kwa wiki kadhaa hudhoofisha tabaka la juu la ngozi, na alizeti haikufanya hivyo. Paka baada ya kutawadha, si kabla, maana mgando mnene huzuia maji kufika mwilini.

Ndani ya ndege ni habari nyingine. Hewa ya huko mara nyingi huwa na unyevu chini ya asilimia 20, na hapo glisirini tupu inaweza kukugeuka: inavuta maji kutoka tabaka za chini za ngozi, kisha yanapotelea hewani. Ukiipenda, ipake kwenye ngozi yenye majimaji, halafu ifunike kwa mafuta ya mgando. Kopo la gramu 50 linaruhusiwa kwenye mkoba. Pakaa kabla ya kupanda, kisha midomo na mikono kila unaponawa.

Hapa wengi husahau: ukienda Jeddah kwa nia ya umra, unahirimia humo humo ndani ya ndege, kabla ya kuvuka mikati. Kuanzia hapo manukato ni marufuku, na mafuta mengi ya mgando madukani yametiwa marashi, sabuni vilevile. Nusa kopo kabla hujalinunua. Kwa magaga, anza wiki mbili kabla ya safari kupaka krimu yenye yurea kila usiku, kwa sababu utatufu pekupeku.

Usingizi wa vipande vipande nao una sehemu yake. Wanawake waliokeshwa katika utafiti mmoja, ngozi yao ilichelewa kujirekebisha baada ya kukwaruzwa. Kwa hiyo krimu kali za chunusi ziache siku tano kabla ya safari, na usijaribu kitu kipya njiani. Kama unatumia mkorogo, usiuache ghafla bila kumwona daktari. Mingi ina dawa ambazo zikikatishwa uso huwaka.

Ngozi kupauka si dalili kwamba mwili umeishiwa maji. Mwili ukiishiwa, mkojo huwa mchache na mweusi kama chai ya rangi, na ukisimama unaona kizunguzungu. Hapo fungua, unywe. Msafiri ana ruhusa. Na mpasuko wa mdomo au kisigino ukitoa majimaji na kufanya gaga la manjano kama asali, ni vijidudu vimeingia: mgando hautasaidia, nenda zahanati ukapewe dawa.