SOMO: PICHA YA MWENZIO NA DAFTARI LAKO



Katika somo hili tutazungumzia jambo linaloingia majumbani mwetu kwa njia ya simu. Kijana ameanza kazi yake hapa Dutwa. Anaijua, na wateja anao. Jioni anafungua simu, anaona picha za wenzake aliosoma nao. Mmoja yuko Mwanza, mwingine yuko Dar es Salaam, na wote wamependeza. Asubuhi kijana anaamka hana hamu tena na kazi yake. Anataka kuuza vifaa aondoke.

Tutachukua mfano wa binti mmoja fundi cherehani. Jina lake tunaliacha. Binti huyu alimaliza kidato cha nne mwaka 2019. Anashona kwenye kibaraza cha duka hapa senta, kwa cherehani ya miguu ambayo mama yake alimnunulia kwa fedha za dengu. Mwezi wa tatu alikuja darasani kwetu jioni. Akasema, "Shikamoo mwalimu. Nataka unisaidie kuandika tangazo. Nauza cherehani."

Nilimuuliza sababu. Akanionyesha simu. Mvulana waliyesoma naye alikuwa ameweka stetasi kwenye WhatsApp. Amesimama Mwanza kando ya pikipiki mpya, plastiki za kiti bado hazijatolewa. Chini ameandika, "Chuma kipya, Mungu ni mwema." Mama wa binti naye aliiona picha ile. Akamwambia binti yake, "Mwenzio anapanda chuma, wewe unakanyaga cherehani." Maneno hayo ndiyo yaliyomchoma zaidi ya picha yenyewe.

Kwa nini picha ya mvulana huyu iumize kuliko picha ya tajiri mkubwa? Mwaka 1954 mtaalamu wa Marekani aitwaye Leon Festinger aliandika juu ya jambo hili. Alisema mtu akitaka kujua yuko wapi, na hana kipimo cha wazi, hujipima kwa watu wengine. Tena huchagua walio karibu naye. Mkulima wa Dutwa hajilinganishi na mwenye kiwanda. Anajilinganisha na jirani ambaye shamba lao linapakana. Kujilinganisha, basi, si ugonjwa wala si wivu tu. Ni kutafuta kipimo. Swali ni kama kipimo tulichokishika ni kizima.

Hebu tukikague hicho kipimo. Nilimwomba binti ahesabu. Darasa lao walimaliza wanafunzi 46. Kwenye grupu la WhatsApp wamo 31. Maana yake 15 hawamo kabisa. Kwa wiki moja aandike kila aliyeweka picha ya mafanikio yake. Alirudi na majina 6. Yaani wenzake 25 walio kwenye grupu hawakuweka kitu, na wale 15 hawaonekani hata kidogo. Jumla ni 40. Kila siku alikuwa anajipima na watu 6, akadhani amejipima na darasa zima.

Je, hao 40 wanafanya nini? Aliwataja aliowajua. Wengine wanalima pamba na choroko. Wawili wanafundisha. Mmoja anauza samaki Lamadi. Wengine hajui walipo. Hakuna anayepiga picha siku anayopalilia.

Tena, WhatsApp huondoa stetasi baada ya saa 24. Kwa hiyo mtu huweka jambo la leo, lile linalong'aa, na kesho limefutika. Siku 29 za mwezi zilizobaki huzioni. Kwa upande wa Facebook na mitandao mingine, mambo ni zaidi ya hapo. Huko kuna mtambo unaochagua nini kije mbele yako kwanza. Mtambo huo huangalia umegusa nini, na umekaa kwenye picha gani kwa muda mrefu. Ukiitazama sana picha ya nyumba ya mwenzio, unahesabiwa kuwa umeipenda, hata kama imekuumiza. Kesho utaletewa nyingine kama hiyo.

Sasa turudi kwenye ile pikipiki. Nilimwambia binti ampigie simu mwenzake amuulize kwa uzuri. Aliona haya kidogo, akapiga. Kijana wa watu alicheka. "Dada, si yangu hiyo. Niko kwenye mkataba." Akaeleza yote bila kuficha.

Wanaojua kazi ya bodaboda wanaufahamu mkataba. Tajiri ananunua pikipiki, dereva anamlipa kidogo kidogo, na mwisho wa mkataba pikipiki inakuwa ya dereva. Kijana huyu anapeleka hesabu ya shilingi 10,000 kila siku, siku 6 kwa wiki. Kwa wiki ni 60,000. Kwa wiki 52 ni shilingi 3,120,000. Akiugua au akishindwa kupeleka hesabu kwa muda mrefu, tajiri anaweza kuichukua pikipiki yake, na fedha alizokwisha lipa zikapotea. Hilo kwenye picha halimo.

Tuandike hesabu ya siku yake moja ya kawaida. Anapata kwa abiria 25,000. Petroli inakula 8,000. Hesabu ya tajiri 10,000. Chakula 3,500. Kinachobaki ni 3,500. Kwa siku 26 za kazi ni 91,000. Jumapili hapeleki hesabu, naye hula kwa shangazi yake. Toa kodi ya chumba 30,000. Toa oili, pancha na vipuri 20,000. Kwa mwezi anabakiwa na shilingi 41,000.

Upande wa binti, bahati nzuri alikuwa na daftari alilolianza mwezi wa kwanza. Mwezi wa tatu alipata kwa wateja 148,000. Uzi, zipu, vifungo na mkaa wa pasi ni 16,000. Kodi ya kibaraza 15,000. Kulikuwa na kitu kimoja hakukiandika, bando la simu. Kwa shilingi 500 kila siku, ni 15,000 kwa mwezi. Kumbe simu inakodiwa sawa na kibaraza! Tukatoa vyote, akabaki na 102,000.

Hapo binti alitabasamu, akataka kufunga daftari. Nikamwambia bado. Wewe unakula na kulala kwa mama yako, mwenzio ananunua. Hesabu ya haki lazima iingize chakula chako. Tuliweka 2,000 kwa siku, yaani 60,000 kwa siku 30. Akabaki na 42,000.

Tazameni sasa. Mmoja 41,000, mwingine 42,000. Wanapishana kwa shilingi 1,000 tu! Lakini mwaka ukiisha, kama kijana hakukwama, pikipiki itakuwa yake na zile 10,000 za kila siku zitabaki mfukoni. Kwa hiyo kijana hakudanganya na wala si mjinga. Ana njia yake, na njia hiyo ina gharama zake na hatari zake. Picha ilionyesha kitu bila hesabu, na mtazamaji akajaza hesabu mwenyewe kwa kukisia.

Kuna kosa jingine ambalo sisi watu wa pamba tunapaswa kulijua kuliko wengine, nalo ni la majira. Mwezi wa tatu hapa kwetu fedha hakuna. Pamba iko shambani, mahindi bado. Nani atashona gauni? Mwezi wa kwanza wateja walikuja kwa sababu ya sare za shule. Kuanzia mwezi wa sita, pamba ikianza kuuzwa, watakuja tena. Binti alikuwa amelinganisha mwezi wake wa njaa na siku ya sherehe ya mwenzake. Hata daftari lako mwenyewe litakudanganya ukilinganisha mwezi wa kwanza na wa tatu. Linganisha Machi ya mwaka huu na Machi ya mwaka ujao.

Je, hadi mwaka ujao fundi atajuaje kama anasonga mbele? Atafute kipimo ambacho hakifuati majira. Kwa fundi cherehani kipo: nguo zilizorudishwa. Mteja anasema bega linabana, au kola imelala upande, na nguo inafumuliwa. Mwezi wa kwanza binti alishona nguo 40, zikarudi 9. Ni karibu moja katika kila nne. Mwezi wa tatu alishona 28, zikarudi 3. Ni karibu moja katika kila tisa. Wateja walipungua, lakini mkono wake ulikuwa umekuwa mwepesi na sahihi zaidi. Hili hakuna mtandao ungemwambia.

Tulipotazama zile 3, zote zilikuwa mashati, na zote mkono ulikatwa vibaya. Anashona vizuri, kukata ndiko bado. Nguo ngumu bado hukatiwa na mzee aliyemfundisha. Basi hatua yake inayofuata ikajulikana bila kubahatisha: kukata shati. Na hapa picha za wengine zikawa na faida. Kuna fundi wa Bariadi mjini anayeweka video za namna ya kukata. Binti humtazama huyo, kisha anajaribu kwenye gazeti kuukuu kabla ya kugusa kitambaa cha mtu. Wale ambao picha zao hazimfundishi kitu amewanyamazisha. Kwenye WhatsApp unabonyeza stetasi ya mtu bila kuachia, kisha unachagua Mute. Mwenyewe hapelekewi taarifa yoyote, na urafiki unabaki.

Mbele zaidi anafikiria cheti. VETA wana utaratibu wa kuwapima mafundi waliojifunzia kazini, kama yeye wa kibarazani, na kutambua ujuzi wao. Akishajua kukata, ataenda kuuliza.

Msidhani ninasema kila mtu abaki alipo. Kama miezi ingepita na nguo zinazorudi haziupungui, au kama mwezi wa sita ungefika na wateja wasije, hiyo ingekuwa sababu ya kweli ya kufikiria kazi nyingine. Sababu hiyo ingetoka kwenye daftari. Mama yake naye aliletewa hesabu zote mbili akasomewa. Alinyamaza kwa muda, kisha akauliza mkataba wa bodaboda unaandikwa na nani.

Cherehani haijauzwa.

MASWALI YA KUJADILI KIKUNDINI

1. Kwa nini binti alitoa shilingi 60,000 za chakula wakati hakuzilipa?
2. Dereva wa bodaboda akikosa kazi siku 4 kwa mwezi lakini bado anapeleka hesabu za siku hizo, atapungukiwa na shilingi ngapi za hesabu?
3. Wewe unalima, unafuga, au unauza. Taja kipimo kimoja cha kazi yako ambacho hakibadiliki kwa sababu ya msimu wa pamba.
4. Andika matumizi ya bando lako kwa siku 7. Zidisha kwa 4. Fedha hizo zingenunua nini katika kazi yako?

MANENO MAPYA

Stetasi: picha au maneno ambayo mtu huweka kwenye simu yake ili wenzake wayaone kwa siku moja.
Mkataba: mapatano ya kulipa kidogo kidogo hadi chombo kiwe chako.
Kunyamazisha: kuzuia picha za mtu zisikujie mbele, bila kumfuta.