Kofia ya Pikipiki

Kabla ya kununua kofia ya pikipiki, pima kichwa kwa futi ya fundi cherehani, juu kidogo ya nyusi. Ukipata sentimita 58, tafuta kofia ya kipimo hicho. Ivae, funga mkanda, kisha isukume kutoka kisogoni. Ikivuka, siku ya ajali itavuka pia.

Tazama kitambaa kilichoshonwa kwenye mkanda. Herufi E ndani ya duara, pamoja na namba, huonyesha kwamba kofia za aina hiyo zimepimwa.

Sasa bonyeza ndani. Chini ya sponji laini pawe na povu gumu, kama lile linalofungiwa redio mpya. Sponji tupu haikingi kichwa. Povu gumu likipigwa hubonyea, na nguvu ya pigo huishia humo. Lakini halirudi kama lilivyokuwa.

Tuseme Hamisi ameanguka, kichwa kikagonga barabara. Yeye ni mzima, na kofia ina mkwaruzo tu. Anataka kuipaka rangi. Asifanye hivyo! Povu limekwisha kubonyea, hata kama jicho halioni. Akianguka tena, pigo litafika kichwani. Anunue nyingine, na ile ya zamani aikate mkanda, asije mtu akaiokota na kuivaa.